"USI" iliyopotea: foto sita za kipindupindu na rangi zilizomeza ujumbe



Juma hili turudi kwenye zile foto sita za kipindupindu zilizozunguka katika telefone zetu hapa Kasenyi. Wengi wenu mlizipenda. Mimi pia nilizipenda, tena nilionyeshwa kabla hazijatumwa, nikasema, "Nzuri sana, tuma." Kwa hiyo kosa ninaloeleza leo ni langu pia, wala si la kijana wetu peke yake.

Kwa asiyeziona: zilikuwa karuseli. Ndivyo vijana wanavyoita foto kadhaa zinazofuatana, ambazo msomaji anazisukuma kwa kidole moja baada ya nyingine kama anayefunua kurasa za kitabu. Kijana alizitengeneza kwa Canva, ndani ya telefone yake, bila malipo. Foto ya kwanza ilikuwa na jina la ugonjwa. Ya pili ilitaja dalili, ya tatu ilihusu kunawa mikono na kutibu maji ya ziwa, ya nne ilieleza namna ya kutengeneza maji ya sukari na chumvi. Ya tano ilikuwa ya mama anayenyonyesha, na ya sita ilisema mgonjwa apelekwe wapi.

Maneno yote yalikuwa ya kweli. Muuguzi aliyasoma kwenye karatasi, akayasahihisha, akakubali. Ubaya uliingia kati ya karatasi na foto, pale maneno yaleyale yalipovalishwa herufi na rangi.

Tuliugundua siku ya posho, kwenye mkutano. Muuguzi hakutuuliza kama tumesoma. Alileta sukari, chumvi, kijiko cha chai na chupa, akasema, "Nani atutengenezee maji, kama foto inavyosema?" Mama mmoja, mwenye kusoma vizuri tu, akafungua telefone yake, akatazama foto ya nne, akaweka vijiko sita vya sukari. Kisha akaweka vijiko viwili vya chumvi. Muuguzi akamwomba aonje. Mama akakunja uso: "Hii ni makayabo!"

Karatasi ilisema nusu kijiko. Foto nayo ilisema nusu kijiko, lakini nusu hiyo iliandikwa kwa tarakimu, ½, kwa herufi za mapambo zenye mikia kama za kadi ya harusi. Kimstari cha katikati kilikuwa chembamba, cha rangi ya waridi, juu ya picha ya maua mekundu. Kimstari kikamezwa na maua. Zikabaki 1 na 2 zikiwa jirani. Mama akafikiri kwamba maana yake ni kijiko kimoja au viwili, naye akachagua viwili ili dawa iwe na nguvu.

Tupige hesabu. Kipimo kinachofundishwa ni lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vyote vikiwa vimesawazishwa juu, si vya mlima. Vijiko viwili vya chumvi ni mara nne ya kipimo. Kwa mtoto aliyekwisha kukauka kwa kuharisha, maji ya namna hiyo hayamwokoi. Chumvi ikizidi huvuta maji kutoka ndani ya mwili wake, kiu inaongezeka, na anaweza hata kupata degedege. Ndiyo maana wauguzi hutufundisha kuonja kwanza: maji yasizidi chumvi ya machozi. Siku ile yalizidi sana, na tunashukuru kwamba yalikuwa katika chupa ya mafunzo, si katika kikombe cha mtoto.

Katika foto hiyohiyo kulikuwa na mtego wa pili. Lita moja iliandikwa "1 l". Kwa herufi zile, tarakimu ya moja na herufi ya mwanzo ya lita zilikuwa vijiti viwili vilivyofanana kabisa. Mama mwingine aliuliza kwa uaminifu, "Ni lita kumi na moja? Basi ni zaidi ya nusu ya bidoni." Huyo angetengeneza maji mepesi mno yasiyorudisha chumvi ambayo mwili umepoteza. Kwa hiyo foto moja iliweza kuwapotosha wamama wawili kwa njia mbili zinazopingana.

Kisha tate mmoja akanyosha mkono. Alisema foto ya tano ilimshangaza, kwa sababu inamwambia mama aache kunyonyesha mtoto akiharisha, na yeye amelea watoto na wajukuu bila kufanya hivyo. Tukafungua foto. Hapo ndipo nilipoona aibu yangu, maana mimi ni mwalimu wa lugha.

Ujumbe ulikuwa: USIACHE KUNYONYESHA. Kijana alitaka katazo lionekane, kwa hiyo aliikata "USI" akaipa rangi yake, ya manjano, na mstari wake, juu. Chini yake akaandika "ACHE KUNYONYESHA" kwa herufi nene nyekundu. Mandhari ilikuwa nyeupe. Manjano juu ya nyeupe ni kama kuandika kwa chaki nyeupe juu ya karatasi: jicho halipati kitu cha kushika. Wanaopima mambo haya wana kipimo cha tofauti ya mwanga kati ya maandishi na mandhari. Hutaka tofauti hiyo iwe angalau 4.5 kwa 1 ili maandishi ya kawaida yasomeke, ilhali manjano kali juu ya nyeupe haifiki hata 1.1 kwa 1. Kwenye jua la saa sita, pale ufukweni tunaponunua samaki, "USI" ilipotea kabisa. Ilibaki amri nyekundu: ache kunyonyesha.

Hapa lugha yetu ina jambo lake ambalo mtengenezaji wa foto lazima alijue. Katika Kiswahili, kukataza kunakaa ndani ya neno lenyewe, mwanzoni: usiache, asinywe, msichote. Silabi hiyo ndogo ndiyo inayogeuza maana yote. Ukiikata kutoka kwa neno lake, ukaipa rangi nyingine, fonti nyingine au mstari mwingine, hujaikazia, umeing'oa. Jicho hukusanya pamoja vitu vya rangi moja na umbo moja, na huacha nje kile kilicho tofauti. Basi sheria ya kwanza tuliyojiwekea siku ile ni hii: neno moja, rangi moja, fonti moja, mstari mmoja. Ukitaka kukazia katazo, kazia neno zima, USIACHE, kwa herufi nene.

Baada ya hapo tulikaa tukahesabu. Katika foto sita tulipata fonti tisa na rangi kumi na nne. Kijana alijitetea, na utetezi wake ulikuwa wa haki. Alisema, "Mwalimu, kila kitu kilikuwa muhimu, ndiyo maana kila kitu nilikipa rangi yake." Lakini hapo ndipo penye kiini cha jambo lote. Rangi na fonti haziongezi umuhimu zenyewe. Kazi yake ni kuonyesha tofauti. Neno jekundu linavuta jicho kwa sababu yaliyolizunguka ni meusi. Yakiwa yote ya rangi, hakuna linalovuta, na msomaji anaanza kutafuta maana ambayo haipo: kwa nini hili ni la kijani na lile la zambarau? Mama aliyeshika mtoto mkononi hana muda wa kitendawili hicho. Anasoma kilicho kikubwa na kilicho chekundu, anaacha mengine.

Darasani tunalijua hili bila kuliita kwa jina. Naandika somo zima kwa chaki nyeupe. Chaki nyekundu naishika mara moja tu, kwa kanuni moja ambayo watoto wataiandika kwenye daftari na kuibeba nyumbani. Siku nikiandika kwa chaki tano, watoto wanasifu ubao, lakini kesho yake nikiuliza kanuni, kimya.

Mfano mzuri zaidi uko kwenye nguo. Wamama wa pwani, Mombasa na Zanzibar, wana kanga. Kanga ina maua na mapambo mengi, ina pindo kuzunguka na mji katikati, na watu huona fahari kwa rangi zake. Lakini tazameni jina lake, yale maneno ya chini. Mara nyingi yanaandikwa kwa herufi kubwa za umbo moja, rangi moja, kwenye mstari mmoja, ndani ya kisanduku chake kisicho na ua hata moja. Mwanamke anapita njiani, na jirani anausoma msemo kabla hajafika. Aliyebuni kanga hakukataa mapambo. Aliyapa mahali pake, na maneno akayapa pao.

Tulifanya vivyo hivyo. Kijana alikaa nasi, tukatengeneza upya foto ya nne. Nawaeleza hatua kwa hatua, kwa sababu vikundi vingine vinatayarisha foto za chanjo na za likelemba, na njia ni ileile.

Kwanza tuliondoa maua, mandhari ikawa nyeupe tupu. Maandishi yote yakawa ya buluu nzito, karibu na nyeusi. Nyekundu tuliiweka mahali pamoja tu, kwenye maneno "nusu kijiko", kwa sababu hilo ndilo kosa linaloumiza. Kwa hiyo foto ikabaki na rangi mbili na nyeupe.

Pili tulichagua fonti moja kwa foto zote sita: nene kwa kichwa, ya kawaida kwa maelezo. Tulikubaliana juu ya fonti iitwayo Andika, ambayo mtu anaweza kuichukua bure. Ndiyo, jina lake ni neno letu la Kiswahili. Shirika la SIL liliitengeneza kwa ajili ya watu wanaoanza kujifunza kusoma, na ndani yake tarakimu 1, herufi l ndogo na herufi I kubwa hazifanani, wala sifuri haifanani na O. Telefone isipokuwa nayo, fonti yoyote isiyo na mikia itafaa, mradi uandike kwanza 1, l na I pamoja uone kama unazitofautisha.

Tatu, tuliacha vifupisho na alama. Badala ya "1 l" tuliandika "lita 1". Badala ya ½ tuliandika "nusu kijiko" kwa maneno, na pembeni tukachora kijiko kilichojaa nusu, kwa mama asiyesoma. Vipimo vitatu vikakaa kwenye mistari mitatu, kimoja chini ya kingine, vikianzia upande mmoja, kwa mpangilio wa kazi yenyewe: maji, sukari, chumvi. Chini kabisa tuliandika: "Onja. Yasizidi chumvi ya machozi."

Nne, tulikuza herufi. Foto hizi zina upana wa nukta 1080. Kwenye telefone ya kawaida upana huo wote unabanwa katika sentimita sita au saba. Maelezo ya kijana yalikuwa na urefu wa nukta 24, yaani kwenye kioo yalibaki milimita moja na nusu hivi. Yeye hakuliona tatizo, kwa sababu alipokuwa akitengeneza alikuwa akikuza picha kwa vidole. Tulipandisha hadi nukta 64, karibu milimita nne. Maneno mengine hayakuingia tena, na hiyo ilikuwa faida: tulilazimika kuyaondoa. Salamu zikatoka, alama za vikundi vitatu zikatoka, na shukrani zikahamia kwenye ujumbe wa chini.

Kuna jambo la tano ambalo si la rangi, lakini ni la mpangilio. Ukituma foto sita pamoja katika kundi la WhatsApp, kioo kinaonyesha vipande vinne tu, na juu ya cha nne kuna alama ya kujumlisha na hesabu ya zilizobaki. Asiyegusa haoni zaidi. Sisi tuliweka mwishoni foto ya mahali pa kumpeleka mgonjwa, na nafasi ya kwanza tuliipa jina la ugonjwa lililoandikwa kwa herufi zinazodondoka damu, ambalo halimfundishi mtu chochote. Tukageuza. Sasa ya kwanza inasema: "Anaharisha maji matupu mara nyingi? Anza kumnywesha, mpeleke kituo cha afya sasa." Pia kila foto tuliiandika namba yake, 1 kati ya 6, 2 kati ya 6, kwa sababu watu hupitisha moja tu kwa ndugu zao. Anayepokea ya nne pekee ajue kuna nyingine, na ndani yake mwenyewe asome kwamba maji haya ni ya njiani, ya kumshikilia mgonjwa, hayachukui nafasi ya kituo. Na kama kuna pakiti ya SRO, itumike hiyo kwanza, pakiti nzima katika kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake.

Mtauliza, tutajuaje kwamba foto yetu inasomeka kabla haijatoka? Tumejiwekea majaribio matatu yasiyo na gharama. La kwanza, igeuzeni iwe nyeusi na nyeupe kwa telefone yenyewe. Maneno yakipotea, rangi zilikuwa zimewadanganya. Jaribio hili linawasaidia pia wanaume wengi kuliko tunavyodhani, maana wapo wasiotofautisha nyekundu na kijani tangu kuzaliwa, nasi jina la ugonjwa tulikuwa tumeliandika kwa nyekundu juu ya kijani. La pili, punguzeni mwanga wa kioo, toka nje juani, nyosha mkono. La tatu ndilo kubwa. Mpe foto mama ambaye hakuwa kwenye kamati, na usimwulize kama ni nzuri. Atasema nzuri, kwa heshima, kama nilivyosema mimi. Mwambie, "Mama, nionyeshe utakavyofanya." Kijiko mkononi kinasema ukweli.

Foto ya nne mpya tuliwapa wamama wanne, wawili wakiwa wametoka sokoni moja kwa moja. Wote wanne waliweka nusu kijiko. Mmoja alisema foto hii haina uzuri wa ile ya kwanza. Ni kweli, haina. Kijana aliumia kidogo, na tulikubaliana kwamba maua yake yatarudi kwenye mwaliko wa sherehe yetu, ambako hakuna mtu atakayeumia akikosea kusoma saa.

Lakini tusijidanganye upande wa pili. Mpangilio safi hausahihishi neno la uongo. Ungeandika "vijiko viwili vya chumvi" kwa fonti moja nzuri, nyeusi juu ya nyeupe, wamama wangeitii haraka zaidi. Kwa hiyo muuguzi asome mara mbili: mara ya kwanza karatasi, mara ya pili foto yenyewe iliyokwisha kutengenezwa, kwenye telefone, kama ninyi mtakavyoisoma. Sisi tulimwonyesha karatasi tu.

Nimeandika haya kwa urefu kwa sababu sisi ni watu wa ziwa, na ugonjwa huu unatujua. Mnakumbuka Februari 2018, ndugu zetu walipokimbia vita vya Ituri kwa mitumbwi hadi Uganda, kipindupindu kilizuka ng'ambo kule Hoima, ndani ya kambi ya Kyangwali na kwenye miji ya ufuko. Ugonjwa wa namna hii hauachi nafasi ya kusoma mara ya pili. Mtu mzima anaweza kukauka na kufa ndani ya saa chache, mtoto upesi zaidi.

Basi ombi langu. Zile foto za zamani bado zimo katika telefone zenu. Zifuteni leo, hasa ya nne na ya tano, na mliyempitishia mwambieni naye afute. Wanaotaka mpya waje siku ya posho na telefone zao, watapewa bila kutumia mega. Waje na kijiko cha chai pia.

Mwalimu wenu.